Simu ya vikombe haisikiki: kwaruza, bana, utajua kosa liko wapi

Simu ya vikombe ina vitu vichache sana: vikombe viwili, uzi mmoja na fundo kila upande. Hata hivyo, ukitoka uwanjani na darasa la watoto wa miaka minane, simu nyingi hazitasema neno. Hapo ndipo somo linapoharibika kimyakimya. Mtoto asiposikia anapaza sauti, mwenzake anamsikia kwa hewa kama anavyomsikia siku zote, wote wawili wanaruka kwa furaha kwamba simu imefanya kazi, na uzi katikati yao umelala chini mchangani.

Nafundisha watoto wa umri huo hapa Tanga. Ninaloandika ni jinsi ya kukamata kosa haraka, kabla watoto hawajachoka, na jinsi ya kumfanya mtoto mwenyewe alikamate. Kutafuta kosa la simu hii ndiko kunakomfundisha mtoto jinsi sauti inavyosafiri, kwa sababu kila kosa liko mahali fulani katika njia ambayo sauti inapita.

Simu nzima inafanyaje kazi

Chukua vikombe viwili vya karatasi, vile vya kunywea juisi kwenye shughuli, au vikopo vyepesi vya mtindi. Toboa tundu dogo katikati ya kitako kwa sindano nene. Kazi hiyo aifanye mtu mzima. Pitisha uzi kutoka nje kuingia ndani, ufungie kwenye nusu ya njiti ya kiberiti, kisha uuvute mpaka njiti ilale juu ya kitako kwa ndani. Urefu wa uzi uwe mita 10 hivi. Uzi wa cherehani unafaa, na mshipi mwembamba wa kuvulia, ule wa nailoni, unafaa zaidi.

Mtoto anapoongea ndani ya kikombe, hewa inayotetema inakisukuma kitako, nacho kinaingia na kutoka kwa kiasi kidogo mno, jicho halikioni. Kila kitako kikisogea, kinauvuta uzi au kuulegeza kwa kufuata urefu wake. Mvuto huo unakimbia hadi upande wa pili, unakitikisa kitako cha pili, na kitako hicho kinatetemesha hewa iliyo sikioni mwa msikilizaji. Kwa hiyo sauti imepita hewani, ikaingia kitakoni, ikapita kwenye uzi, ikaingia kitako kingine, ikarudi hewani. Kosa lolote liko katika moja ya vituo hivyo.

Watoto wengi hutarajia kuuona uzi ukicheza juu na chini kama uzi wa zeze. Hawauoni, wakadhani hakuna kinachopita. Hapa Tanga nina mfano ambao watoto wanauelewa mara moja: babu akiwa kwenye mtumbwi, mshipi ukiwa umekazika, anajua samaki amegusa chambo ingawa haoni kitu chini ya maji. Mshipi hauchezi, lakini mguso unapanda mpaka kidoleni. Mshipi ukilegea, samaki anakula chambo na kuondoka bila babu kujua.

Vipimo viwili kabla ya kulaumu kitu

Kabla hujabadilisha kikombe, kabla hujakata uzi mpya, fanya vipimo viwili. Havihitaji chochote zaidi ya vidole.

Cha kwanza ni kubana. Mtoto mmoja anaongea kwa sauti ya kawaida, au ya chini kidogo, mwingine anasikiliza. Mtoto wa tatu asimame katikati na aubane uzi kwa vidole viwili, kisha auachie, kisha aubane tena. Sauti ikikatika akibana na kurudi akiachia, basi inapita kwenye uzi. Isipobadilika, msikilizaji anasikia kwa hewa, hata kama anaapa kwamba ni simu. Mfanye msikilizaji afumbe macho na ainue mkono kila anaposikia. Hapo hawezi kubahatisha kwa kumtazama mwenzake, na darasa zima linaona mkono ukipanda na kushuka pamoja na vidole vya mbanaji.

Cha pili ni kukwaruza. Msikilizaji aweke kikombe sikioni, uzi ukiwa umekazwa, kisha mtu aukwaruze uzi taratibu kwa ukucha. Msikilizaji atasikia mkwaruzo mkubwa sana, mkubwa kuliko sauti ya mtu, na watoto wengi hushtuka wakiusikia mara ya kwanza. Ukucha unautikisa uzi moja kwa moja. Haupitii kikombe cha msemaji. Kwa hiyo kipimo hiki kinakusaidia kuigawa simu vipande vipande. Anza kukwaruza karibu na kikombe cha msikilizaji, kwenye umbali wa kiganja kimoja. Usiposikika hapo, kosa ni kikombe chake, fundo lake au mkono wake. Ukisikika, sogea mbele hatua moja na ukwaruze tena. Endelea hivyo mpaka ufike kwa msemaji. Mahali mkwaruzo unapokufa ghafla, kosa liko hapo hapo, kati ya mguso wa mwisho uliosikika na wa kwanza uliopotea. Na kama mkwaruzo umesikika vizuri njia nzima lakini maneno hayasikiki, basi uzi hauna kosa. Mtazame msemaji na kikombe chake.

Ninawapa watoto vipimo hivi kabla ya kuwapa simu. Mtoto anayejua kukwaruza haji kulia kwamba simu yake mbovu, anakuja kusema, "Mwalimu, inakufa hapa."

"Mwalimu, sisikii kitu"

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na mara nyingi sababu ni uzi uliolegea. Kitako cha msemaji kikivuta, mvuto wote unaishia kuunyoosha uzi ulioning'inia, na upande wa pili haufiki. Dalili yake unaiona kwa macho: uzi umepinda katikati kuelekea chini. Usimwambie mtoto wa miaka minane "kaza zaidi", kwa sababu atavuta kwa mkono na kikombe kitatoka sikioni. Mwambie arudi nyuma nusu hatua akiwa amekishika kikombe palepale. Uzi umekazika vya kutosha ukiubonyeza katikati kwa kidole na wenyewe ukarudi juu mara moja. Ukikazwa kupita hapo hupati sauti kubwa zaidi ya maana, unapata kitako kilichochanika.

Tatizo la pili la simu kimya ni uzi kugusa kitu. Kona ya ukuta, nondo ya dirisha, tawi la mwembe, bega la mtoto mwenyewe, vyote vinafanya kazi ileile ya vidole vya mbanaji. Vitu laini ni wezi wakubwa zaidi: pazia, kanga iliyoanikwa, shati. Uzi ukigusa ukuta mgumu kidogo tu, huenda ukasikia sauti hafifu. Ukipita katikati ya pazia zito, usitarajie neno. Watoto wa kike wanaovaa hijabu hawana haja ya kuivua, kitambaa chepesi juu ya sikio kinapitisha sauti ya kutosha kama kikombe kimeshikizwa vizuri. Cha kuangalia ni kwamba uzi unatoka kwenye kikombe ukiwa umenyooka mbele, usipite juu ya bega wala kujikwaruza kwenye kitambaa.

Tatizo la tatu ni vidole. Mikono ya watoto ni midogo, na kikombe kikiwa kikubwa mtoto hukikumbatia kwa viganja viwili, kidole kimoja kikalala juu ya kitako. Kitako kilichoshikwa hakitetemi. Kikombe kinashikwa pembeni, karibu na mdomo wake, kwa ncha za vidole.

Nieleze kisa kimoja jinsi kilivyokwenda hatua kwa hatua, kwa sababu makosa haya mara nyingi huja pamoja na moja hulificha jingine. Nyumba nyingi za mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, zina ukumbi mrefu unaotoka barazani mbele mpaka uani nyuma, vyumba vikiwa huku na huku. Ni mahali pazuri sana pa simu hii, maana upepo hauingii na urefu unatosha. Kaka na dada walivuta uzi wao kutoka barazani mpaka uani, kama mita 14. Kaka, aliyekuwa barazani, akaongea. Dada, uani, hakusikia kitu.

"Mama, simu ya kaka haisemi."

"Haya mwanangu, weka kikombe sikioni, usitikisike. Nikikwaruza, inua mkono."

Mama akaanza uani, karibu na kikombe cha binti. Mkono ukapanda. Akaingia ukumbini, akakwaruza kwenye mlango wa chumba cha kwanza, mkono ukapanda. Akasogea mpaka karibu na mlango wa mbele, bado mkono ukapanda. Akatoka nje ya mlango, akakwaruza barazani, mkono ukabaki chini. Kosa lilikuwa mlangoni. Pazia lilikuwa limekunjwa kando, lakini upindo wake ulikuwa umeuegemea uzi, na kwa kuwa kaka alikuwa amesimama pembeni mwa baraza, uzi ulikuwa pia unasugua fremu ya mlango. Pazia likafungwa juu, kaka akasogea katikati ya mlango mpaka uzi ukawa haugusi upande wowote.

Mkwaruzo sasa ulisikika kutoka mwisho hadi mwisho. Kaka akaongea tena, na dada akasema anasikia "kama mtu yuko ndani ya debe", bila maneno. Hapa mtu mwenye haraka angerudi kuuchezea uzi. Lakini mkwaruzo uliokwisha kusikika njia nzima unasema uzi ni mzima, kwa hiyo mama akamtazama msemaji. Kidole kidogo cha kaka kilikuwa kimeshikilia kitako, na kikombe alikuwa amekibana mdomoni mpaka midomo yake haifunguki. Akakisogeza mbali na midomo kwa upana wa kidole kimoja, akakishika pembeni, akanong'ona, "Dada, umekula?" Jibu likaja kwa simu hiyohiyo: bado.

Mama akamaliza kwa kubana. Akabana uzi katikati ya ukumbi, dada akasema imekatika. Akaachia, ikarudi. Kunong'ona kwa kaka kusingeweza kufika uani kwa hewa, kwa hiyo hata bila kubana wangekuwa na ushahidi, lakini kubana kuliwaonyesha kwa macho njia ambayo sauti ilipita.

"Nasikia! Nasikia!" lakini simu haifanyi kazi

Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halilalamikiwi. Watoto wamesimama mita mbili au tatu, wanaongea kwa nguvu, na hewa inawatosha. Tiba yake ni kuwatenganisha mpaka sauti ya kawaida iwe ngumu kusikika bila simu, na kuwaambia waongee kwa kunong'ona. Kisha bana.

Hapa pia kuna maelezo yasiyo sahihi ambayo watu wazima huwapa watoto. Tunawaambia kwamba simu inasikika kwa sababu sauti hukimbia zaidi kwenye uzi kuliko hewani. Ni kweli kwamba kwenye uzi uliokazwa wa aina hii sauti inakwenda kwa kasi kubwa kuliko hewani, ambako kwa joto la pwani inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde. Lakini kasi siyo sababu ya mtoto kusikia. Kwenye mita 10, sauti ya hewani inachukua sehemu ndogo sana ya sekunde, kama 0.03, na sikio halitambui tofauti. Sababu ni kwamba hewani sauti inatawanyika pande zote, juu, chini, kushoto na kulia, na umbali ukiongezeka mara mbili, kila sikio linapata robo tu ya nguvu iliyokuwapo. Kwenye uzi haina pa kutawanyikia. Inafuata njia moja nyembamba mpaka mwisho, na inayopotea ni ile tu inayoliwa na uzi wenyewe na vitu vinavyougusa.

Mtoto wa miaka minane hahitaji hesabu hiyo. Mwambie asimame uwanjani anong'one, na watoto wengine wamzunguke kwenye duara pana: kila mmoja anapata kidogo. Kisha anong'one kwenye simu: mmoja tu ndiye anayepata, na anapata nyingi.

"Nasikia sauti, sijui anasema nini"

Hapa simu inafanya kazi, ila inachagua. Sauti nzito kama za "a", "o" na "u" zinapita vizuri. Zile za juu na nyembamba, "s", "sh", "f", na mlio mfupi wa "t" au "k", ndizo zinazopotea kwanza, kwa sababu vikombe na uzi hunyonya mitetemo ya haraka kuliko ya polepole. Ndiyo maana msikilizaji anapata wimbo wa sentensi bila maneno yake.

Njia ya kupima ni kumpa msemaji maneno yanayofanana: baba, kaka, papa, tata. Atume moja, msikilizaji aandike. Kisha basi, kasi, pasi. Kwenye simu nzuri mtoto anapata mengi. Kwenye simu yenye kikombe kilicholegea anachanganya karibu yote. Ni mchezo wanaoupenda sana, na unakupa kipimo cha kulinganisha simu mbili bila kifaa chochote.

Sababu ya kawaida ni kikombe. Cha karatasi kikishaongelewa muda mrefu kinalowa kwa pumzi, hasa miezi ya joto na unyevu hapa pwani, na kitako kinakuwa kama kitambaa. Badilisha kikombe cha msemaji kwanza, maana ndicho kinacholowa. Kikombe cha plastiki laini kinachojikunja kwa kubonyezwa na vidole kina tatizo hilohilo tangu mwanzo. Upande mwingine wa kosa ni kitako kigumu mno. Chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa inapatikana bure kila mahali, lakini kitako chake kina mabonde na miinuko iliyowekwa makusudi ili kisibonyee, na sauti ya mtoto haina nguvu ya kukitikisa. Kopo zito la rangi vilevile. Kinachotakiwa ni kitako bapa, chembamba, kikavu, kinacholia ukikigonga kwa ukucha. Kasha la kiberiti, ambalo wengi wetu tulilitumia utotoni, linafaa kwa sababu hiyo: kadi yake ni nyembamba na kavu. Udhaifu wake ni udogo. Halifuniki sikio, kwa hiyo kelele za nje zinaingia.

Ukitaka kutumia kopo jembamba la bati, kama la nyanya, angalia kingo zake. Kingo zilizokatwa kwa kifunguo cha makopo zinakata sikio na mdomo. Zifunike kwa selotepu nene pande zote, au uachane nalo.

Na mara nyingine kosa ni watoto kuongea wote kwa pamoja. Wape neno la kupokezana. Wangu husema "haya" wakimaliza, kisha wanahamisha kikombe kutoka mdomoni kwenda sikioni.

Fundo linachomoka au kitako kinachanika

Tundu ni kubwa, basi. Njiti ya kiberiti ndani inatosha kulizuia. Wengine huweka kifungo cha shati. Kinashika vizuri, lakini kifungo kizito kinapunguza mtetemo, kwa hiyo chagua chepesi. Kitako kikishachanika usikizibe kwa tabaka za selotepu, badilisha kikombe.

Uzi wa aina gani

Tukiwa Tanga, mtoto hakosi kuuliza kuhusu kamba ya katani, na ni swali zuri la kujaribiwa. Kwa hiyo chukua nyuzi za urefu mmoja, vikombe vya aina moja, na utumie baba, kaka, papa, tata kwenye kila moja.

Mshipi mwembamba wa nailoni ni laini, mzima, haujasokotwa, nao hutoa sauti safi kuliko mingine. Uzi wa cherehani unaufuata kwa karibu. Kamba ya katani inashangaza watoto: nyuzi zake ni kakamavu, hazinyumbuki sana, kwa hiyo mtu angetegemea iwe bora. Lakini kamba ya dukani ni nene na nzito, na kitako chembamba cha kikombe hakina nguvu ya kuitikisa. Halafu imesokotwa kwa nyuzi nyingi fupi zinazosuguana, na msuguano huo unakula sauti. Ukiichambua ukatoa kamba nyembamba zaidi, sauti inaongezeka, na hapo mtoto ameona mwenyewe kwamba tatizo lilikuwa unene na wala siyo mkonge. Uzi wa sufu wa kufumia ni mbaya, maana unanyumbuka na una manyoya. Lastiki ni mbaya kuliko yote: ukivuta upande mmoja inarefuka, na mvuto unaishia njiani.

Mshipi wa nailoni una hatari yake. Hauonekani vizuri kwenye jua, na ukivutwa uwanjani kwenye kimo cha watoto unakuwa kwenye kimo cha shingo za wanaokimbia. Usifunge vitambaa vya alama juu yake, kwa sababu kila kitambaa ni kidole kinachobana. Weka mtoto mmoja kila upande awe mlinzi wa njia, au fanyia kazi ukumbini na kando ya ukuta. Kamwe usiuvushe juu ya njia ya baiskeli au bodaboda.

Uzi unavuma wenyewe

Watoto husema kuna nyuki ndani ya kikombe. Ni upepo. Ukipita kando ya uzi uliokazwa unautetemesha, na vikombe vinaukuza mlio huo. Karibu na bahari, kwa mfano Raskazone, mchana upepo unapotoka baharini mlio huu unaweza kuzima kunong'ona kabisa, na msimu wa kusi ni taabu zaidi. Fanya somo asubuhi mapema, au upande wa jengo uliokingwa. Siku ya upepo nayo ina kazi yake: waache wasikilize uvumaji bila mtu kuongea, kisha mmoja aubane uzi. Mlio utapungua palepale.

Kupita kona

Mtoto akishafanikiwa kwenye mstari ulionyooka, atataka kumpigia rafiki aliye nyuma ya nyumba. Uzi ukiegemea kona ya ukuta, sauti inafia pale. Lakini kona inapitika. Funga kitanzi cha uzi mwembamba kwenye msumari au tawi, kiwe na urefu wa shibiri moja au zaidi, na upitishe uzi wa simu ndani ya kitanzi hicho ili ugeukie hewani bila kugusa ukuta. Kitanzi kinasogea pamoja na uzi badala ya kuushikilia, kwa hiyo mtetemo mwingi unapita. Wote wawili wavute kwa nguvu sawa, kitanzi kikae katikati ya pembe. Mfereji wa aina hii wa sauti ni wa zamani: mnamo 1665 Mwingereza Robert Hooke aliandika kwamba alipeleka sauti mbali kwa waya uliokazwa, na kwamba haukuwa umenyooka tu, bali ulipindishwa pembe nyingi.

Kila kitanzi kinakula sehemu ya sauti. Ukifika kwenye kona ya pili na maneno yakaanza kuchanganyika, rudi kwenye kukwaruza: kwaruza kabla ya kitanzi na baada yake, na msikilizaji aseme tofauti ni kubwa kiasi gani. Kitanzi kinachopunguza sana kitakuwa kifupi mno, au uzi wa simu umejikaza ndani yake. Kirefushe, kisha ujaribu tena.